Pengo kwenye wasifu wa kazi: Kabla hujamkata mwombaji, hesabu miezi

Kyela. Wazazi wengi wa mjini Kyela, Ipinda na Matema hawajioni kama waajiri. Lakini mzazi aliye kwenye bodi ya shule binafsi, kwenye kamati ya zahanati ya kanisa, au kwenye uongozi wa SACCOS, hukutana na bahasha za maombi ya kazi kila mwaka. Hupewa jioni moja kuzisoma, na mwisho wa jioni hiyo hutakiwa kutaja majina matano ya kuitwa kwenye usaili.

Katika jioni hiyo mambo mawili humkatisha mwombaji haraka kuliko mengine. La kwanza ni pengo, yaani miezi au miaka ambayo wasifu hauonyeshi kazi yoyote. La pili ni kuhamahama, yaani kazi nne au tano ndani ya miaka michache. Mjumbe mmoja husema, "Huyu hatulii," mwingine huitikia, na bahasha huwekwa pembeni kabla vyeti havijatazamwa.

Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki, na pia huigharimu shule. Ukanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa una namna yake ya kuajiri, na wasifu wa mtu wa huku huibeba namna hiyo. Anayeusoma kama wasifu wa mtumishi wa benki jijini atawakata watu wazuri, kisha atabaki na waliojua kuficha.

Njia iliyo bora haihitaji mtaalamu. Inahitaji karatasi, kalamu na simu.

Kwanza andika kazi inataka nini

Tuchukue mfano wa shule moja ya awali na msingi ya binafsi, mjini Kyela, inayotafuta mtunza hesabu wa kuanza Januari 2025. Maombi yanafungwa mwisho wa Oktoba 2024. Zimepokelewa bahasha 14, na bodi ina wajumbe watano, wote wazazi.

Kabla ya kufungua hata bahasha moja, bodi inakubaliana mambo manne na kuyaandika. Mwombaji awe na stashahada ya uhasibu au zaidi. Awe amefanya kazi ya kupokea fedha na kuandika vitabu vya hesabu kwa jumla ya miezi 24 au zaidi. Aweze kuandaa mishahara pamoja na makato yake. Awe na wadhamini wawili waliomsimamia kazini.

Neno la kuangaliwa hapo ni "jumla". Bodi haikuandika "miezi 24 mfululizo", kwa sababu vitabu vya ada havijui kama mtu aliutafuta uzoefu wake kwa mkupuo mmoja au kwa vipande vinne. Kama kuna kazi ambayo mfululizo ni wa lazima, bodi iandike sababu yake mapema. Ikishindwa kuitaja sababu hiyo kwa sentensi moja, basi mfululizo si sharti, ni mazoea tu.

Baada ya hapo mjumbe mmoja, ambaye hatatoa alama, anapewa kazi ya kuandika karatasi moja kwa kila mwombaji. Juu anaweka namba badala ya jina. Chini anaandika kila kazi, mwezi wa kuanza, mwezi wa kumaliza, idadi ya miezi na sababu ya kumaliza. Wajumbe wengine wanasoma karatasi hizo kwanza, si wasifu wenyewe.

Hatua hiyo ina ushahidi nyuma yake. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uingereza, ambamo watafiti walituma maombi ya kazi zaidi ya 9,000 kwa waajiri. Wasifu ulioonyesha idadi ya miaka ya uzoefu katika kila kazi, badala ya tarehe za kuanza na kumaliza, ulipata majibu ya waajiri zaidi kwa takriban asilimia 8. Mtu alikuwa na uzoefu uleule. Kilichobadilika ni kile ambacho jicho la msomaji lilikutana nacho kwanza.

Mwombaji namba 3: Kazi sita ndani ya miaka sita

Wasifu wa mwombaji namba 3 ndio unaozua kelele mezani. Una mistari sita ya kazi tangu Juni 2018.

Alikuwa karani kwenye kinu cha kukoboa mpunga, Juni hadi Novemba 2018. Akarudi kwenye kinu hichohicho Juni hadi Novemba 2019. Akawa msaidizi wa mhasibu kwenye shule ya binafsi, Januari hadi Aprili 2020. Akafanya hesabu za mradi wa maji, Februari 2021 hadi Januari 2023. Akauza na kutunza hesabu kwenye duka la pembejeo Tukuyu, Aprili hadi Septemba 2023. Mwisho akawa karani wa SACCOS, Novemba 2023 hadi Oktoba 2024.

Kwa kuutazama tu, ni mtu asiyetulia. Sasa ahesabiwe.

Kinu kinatoa miezi 6 na tena 6. Shule miezi 4, mradi 24, duka 6, SACCOS 12. Jumla ni miezi 58 ya kazi. Tangu Juni 2018 hadi Oktoba 2024 ni miezi 77, kwa hiyo amekaa bila ajira miezi 19 tu. Hata bodi ikiiacha kabisa miezi ya kinu, kwa kuwa pale alikuwa karani na si mtunza vitabu, bado anabaki na miezi 46 ya hesabu. Sharti lilikuwa miezi 24.

Kisha inakuja safu ya sababu, na hapo ndipo Kyela yenyewe inaposoma wasifu.

Mpunga wa Kyela huvunwa mvua kubwa zinapopungua katikati ya mwaka. Vinu hujaa kazi miezi inayofuata, kisha hupoa. Karani wa kinu huchukuliwa kwa msimu, na msimu ukiisha naye huenda nyumbani. Hakuacha kazi, kazi iliisha. Mambo hayako mbali na hayo kwa makarani wa mizani ambao AMCOS za kakao huwachukua wakati wa ununuzi, wala kwa vijana wanaopakia mizigo bandarini Itungi na Kiwira au wanaoshughulikia nyaraka za malori pale mpakani Kasumulu.

Kuna jambo jingine ambalo bodi nyingi hulipita bila kuliona. Kinu kilimwita mtu huyu mara ya pili mwaka 2019. Mwenye kinu anayeshika fedha taslimu kutwa nzima hamrudishi karani aliyemtia hasara. Mistari hiyo miwili, inayoonekana kama kuhamahama, ndiyo barua ya sifa iliyo nzito kuliko zote alizoleta.

Shule aliyoiacha Aprili 2020 nayo ina maelezo ambayo kila mzazi anayakumbuka. Serikali ilifunga shule zote tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na madarasa mengine tarehe 29 Juni. Shule binafsi huishi kwa ada, na bila wanafunzi hakuna ada. Kwa hiyo mtumishi wa shule binafsi ambaye wasifu wake unakatika kati ya Machi na katikati ya mwaka 2020 hana cha ziada cha kueleza, na miezi iliyofuata ilikuwa migumu kwa yeyote aliyetafuta nafasi.

Mradi na SACCOS ilikuwa mikataba ya muda maalumu, miaka miwili na mwaka mmoja, na yote ilifika mwisho wake. Mtu aliyemaliza mkataba wake hadi siku ya mwisho ametimiza ahadi. Kumhesabia hilo kama kosa ni sawa na kumlaumu fundi kwa sababu nyumba imekamilika.

Kati ya mistari sita, basi, umebaki mmoja usio na maelezo: duka la Tukuyu, miezi sita. Hilo ndilo swali halali la kumuuliza, na ni moja. Mezani lilikuwa limeingia kama sita.

Mwombaji namba 7: Miaka karibu sita kimya

Wasifu wa namba 7 ni wa mama. Alikuwa mhasibu msaidizi wa shule jijini Mbeya, Januari 2014 hadi Desemba 2018. Hiyo ni miezi 60 kwenye shule moja, kazi ileile inayotafutwa. Baada ya hapo wasifu uko kimya. Barua yake inasema tu kwamba alihamia Kyela na kulea watoto, na kwamba tangu 2021 ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa.

Hapa bodi inapaswa kwanza kujua mpaka wake wa kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi iliyotajwa, na miongoni mwake ni jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na wajibu wa kifamilia. Kifungu hichohicho kinasema kwamba mwajiriwa kwa maana hiyo ni pamoja na anayeomba kazi. Kwa hiyo kumkata mtu kwa sababu alilea mtoto au alimuuguza mzazi si ukali wa bodi tu. Ni jambo ambalo bodi inaweza kuulizwa.

Wapo wanaosema likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa mapacha, hivyo miaka sita inatoka wapi? Swali hilo limekosea mahali. Likizo ya uzazi haionekani kabisa kwenye wasifu, kwa kuwa aliye likizo bado ni mwajiriwa. Pengo hutokea pale mkataba unapoisha na mwingine hautolewi, familia inapohama, au shule iliyo karibu inapokuwa umbali ambao mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuutembea kila siku. Waliowahi kuishi vijiji vya bondeni na kuona barabara za Aprili zikiwa chini ya maji wanaelewa.

Kinachobaki halali kuuliza ni kimoja: je, ujuzi wake bado unafanya kazi? Swali hilo halijibiwi kwa kutazama tarehe. Linajibiwa kwa jaribio la dakika kumi.

Bodi inampa kila aliyeitwa karatasi moja: mfanyakazi ana mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi, mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, andika atakachopokea mkononi. Makato mengine hakuna.

Anayejua kazi hutoa kwanza mchango wa NSSF, shilingi 40,000, kwa sababu kodi hukatwa baada ya mchango huo. Zinabaki 360,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi kodi, na zinazofuata hukatwa asilimia 8. Zinazokatwa ni 90,000, na kodi yake ni 7,200. Mfanyakazi anapokea 352,800.

Mtu aliyeacha ofisi mwisho wa 2018 anaweza kukumbuka viwango vya wakati wake, ambapo kodi ilianzia juu ya 170,000 kwa asilimia 9. Kwa viwango hivyo kodi ingekuwa 17,100, tofauti ya shilingi 9,900 kwa mfanyakazi mmoja. Hayo ndiyo madhara halisi ya pengo, nayo yanaonekana kwa macho.

Lakini bodi isikimbilie kumkata. Kiwango ni kitu cha kusoma kwenye jedwali la TRA asubuhi moja. Kitu kisichojifunzwa asubuhi moja ni mpangilio: kujua kwamba mchango hutangulia kodi, na kujua kwamba viwango hubadilika hivyo lazima viangaliwe kabla ya kukata. Kwa hiyo jaribio la haki huchapa viwango vya sasa juu ya karatasi, kisha hupima mpangilio. Aliyekosea mpangilio huku viwango viko mbele yake ana tatizo la ujuzi, hata kama hajawahi kukaa nje ya kazi hata wiki moja.

Na kuhusu kikundi cha kuweka na kukopa, bodi isikipuuze kwa sababu hakina barua yenye nembo. Mweka hazina hupokea fedha mbele ya wanachama, huandika hisa na mikopo, na hugawa mwisho wa mzunguko huku kila mtu akihesabu. Aombwe aje na daftari. Kurasa tatu za daftari zinaonyesha kama anafunga hesabu kila wiki au anaacha mapengo, na hayo ni mapengo yanayoihusu shule kweli.

Mwombaji namba 11: Wasifu usio na doa

Wakati wawili hao wanabishaniwa, bahasha ya namba 11 inapita mikono yote bila neno. Inasema: "Mhasibu, kampuni ya biashara, Mbeya, 2016–2024." Hakuna pengo, hakuna kuhama.

Tatizo ni kwamba hakuna miezi. Miaka bila miezi huficha mengi kuliko watu wanavyodhani. Aliyeandika "2019–2020" anaweza kuwa alifanya kazi kuanzia Januari ya kwanza hadi Desemba ya pili, yaani miezi 24. Anaweza pia kuwa alianza Desemba 2019 na kuondoka Januari 2020, yaani miezi 2. Maandishi ni yaleyale.

Kwa sababu hiyo ombi la miezi litumwe kwa waombaji wote walio na sifa za msingi, si kwa wale wanaotiliwa shaka peke yao. Ujumbe wa simu unatosha: "Tunaomba utuandikie mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza kila kazi, na sababu ya kumaliza kwa maneno yasiyozidi kumi. Usieleze mambo ya ndoa, ujauzito wala afya." Sentensi ya mwisho inamlinda mwombaji, na inailinda bodi isipokee habari ambayo haitakiwi kuitumia.

Tuseme namba 11 anajibu kwa ukweli: aliajiriwa Machi 2016 hadi Agosti 2021, kampuni ikafunga ofisi, na tangu hapo anaendesha kibanda cha uwakala wa fedha. Bado ana miezi 66 ya uhasibu, na bado anastahili kuitwa. Hakuwa na haja ya kuongopa. Aliandika vile kwa sababu anajua mezani watu hukata mapengo. Bodi inayoadhibu pengo haipati watu wasio na pengo, inapata waliolifunika.

Dalili zinazostahili kutia shaka

Kusoma kwa haki si kufumba macho. Mtunza hesabu anashika ada za watoto, na zipo dalili ambazo bodi inapaswa kuzifuata hadi mwisho.

Ya kwanza ni kukatisha mkataba katikati zaidi ya mara moja, bila sababu inayoeleweka. Kuondoka mwezi wa tano wa mkataba wa mwaka mmoja ni tofauti kabisa na kuondoka mwezi wa kumi na mbili. Ndiyo maana safu ya sababu kwenye karatasi haiwezi kuachwa wazi.

Ya pili ni tarehe zisizolingana. Sheria ileile ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Waajiri wadogo wengi hawakitoi, hivyo kukosekana kwake peke yake si kosa la mwombaji. Lakini kikiwepo, na kikasema Juni huku wasifu ukisema Desemba, hapo pana swali.

Ya tatu, na nzito kuliko zote kwa kazi ya fedha, ni makabidhiano. Mdhamini apigiwe simu na aulizwe maswali manne, yaleyale kwa kila mwombaji. Alianza na kumaliza lini? Mkataba uliisha au ulikatishwa? Alipoondoka alikabidhi vitabu na fedha kwa nani, na nani alisaini? Mngemchukua tena? Mdhamini aliyemsimamia kweli hujibu swali la tatu bila kusita. Ambaye ni ndugu au rafiki hukwama hapo.

Namba 3 anapoulizwa kuhusu duka la Tukuyu anaandika: "Mshahara ulichelewa miezi mitatu." Mwenye duka anapigiwa simu, na hata kama hataki kulizungumzia la mshahara, anakubali kwamba vitabu vilikabidhiwa na kusainiwa. Kwa bodi hilo linatosha. Mtu aliyeondoka kwa kutolipwa, akakabidhi kila kitu, si wa kukimbiwa.

Bodi nayo ijisome

Hofu ya kweli nyuma ya neno "hatulii" ni kwamba mtu ataondoka katikati ya muhula na kuacha vitabu wazi. Ni hofu halali. Lakini dawa yake haiko kwenye wasifu peke yake.

Bodi ifungue faili lake yenyewe na kuhesabu: katika miaka mitano iliyopita, watunza hesabu wangapi wameondoka, na kwa nini? Ikiwa wameondoka watatu, na wote walilipwa mshahara wa mwezi katikati ya mwezi uliofuata, basi anayefuata ataondoka pia, hata awe amekaa miaka kumi alikotoka. Mahojiano yazungumzie mshahara, tarehe ya malipo, na mahali mtu atakapokaa. Anayetoka Matema kwenda mjini Kyela kila siku ana safari ambayo mvua za masika zinaweza kuikata.

Kwa shaka inayobaki kuna muda wa majaribio. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinaruhusu majaribio kwa muda unaofaa, usiozidi miezi 12. Kwa mtunza hesabu, miezi mitatu humwonyesha akifunga hesabu mara tatu. Hiyo ni habari ya kuaminika kuliko kukisia kutokana na pengo la mwaka 2020.

Kwa kazi nyingine pengo lina uzito zaidi. Muuguzi anayeomba kazi zahanati lazima awe na leseni iliyo hai, na dereva vivyo hivyo. Aliyekaa nje muda mrefu aonyeshe kwamba ameihuisha. Kinyume chake, bodi inayotafuta mwalimu isishangae kuona mhitimu wa 2015 au 2016 akiwa na miaka mitupu baada ya chuo. Katikati ya 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi, na uhakiki wa vyeti ukafuata hadi 2017. Walimu wengi wa miaka hiyo walikaa nyumbani wakisubiri, na wengine walijitolea kufundisha bila kuandikiwa barua. Kijana mwenye miaka miwili ya JKT ya kujitolea naye hakuwa amekaa bure.

Kwa mzazi ambaye mwanawe anaandika wasifu

Upande wa pili wa meza nao una kazi. Kijana aandike mwezi na mwaka kwa kila kazi, na mbele yake aina ya mkataba: "mkataba wa msimu, umeisha" au "mkataba wa mwaka 1, umeisha". Maneno hayo manne au matano huondoa maswali mengi.

Kazi za msimu kwa mwajiri mmoja ziwekwe pamoja: "Kinu cha mpunga, misimu miwili, 2018 na 2019, jumla miezi 12." Huo ni ukweli uleule, lakini sasa msomaji anaona mtu aliyerudishwa.

Pengo liandikwe mstari mmoja bila kuomba radhi: "Januari 2019 – Oktoba 2024: majukumu ya familia, mweka hazina wa kikundi tangu 2021." Kila anapoondoka mahali aombe cheti cha utumishi siku hiyohiyo, pamoja na nakala ya hati ya makabidhiano. Miaka mitatu baadaye mwajiri anaweza kuwa amefunga ofisi, na hapo hakuna wa kumpigia.

Bodi nayo, ikishamaliza, iweke karatasi zote 14 kwenye faili: masharti manne, miezi, sababu, na kwa nini kila aliyeachwa ameachwa. Mwombaji akilalamika kwamba amebaguliwa na akaonyesha msingi wa madai yake, sheria inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba hakubagua. Karatasi iliyoandikwa jioni ile ndiyo itakayosema. Katika mfano huu namba 3, 7 na 11 wote wanaitwa kwenye usaili, kwa kuwa wote wametimiza masharti yaliyoandikwa. Waliobaki nje walikosa stashahada au miezi 24, na hilo linaweza kusomwa na yeyote atakayefungua faili.